Kabla ya barua ya onyo, kaa naye mezani

Swali

Shikamoo dada,

Mimi ni msimamizi wa ghala la jumla hapa Dodoma, tunauza vyakula na vipodozi. Nina makarani watatu wa mapokezi. Mmoja ni kijana mwenye ualbino, ana miaka miwili na nusu kwetu. Ni mwaminifu, hachelewi, na hesabu ya katoni hajawahi kukosea. Shida ni namba za bechi na tarehe za kuisha muda. Ndani ya miezi miwili nimekuta hati saba zimeandikwa 3 badala ya 8, au 5 badala ya 6, na mteja mmoja amerudisha mzigo. Makao makuu wananiambia nimpe barua ya onyo.

Moyoni najua ni macho. Namuona anavyosogeza karatasi usoni na anavyopinda shingo. Malori mengi yanafika saa 5 au saa 6 jua likiwa kali, naye anasimama uwanjani na kofia ya chepeo. Lakini hatujawahi kulizungumza. Nikitaja macho naogopa ataona namdhalilisha, nisipotaja nitampa onyo lisilomsaidia kitu. Nimewaza kumhamishia ndani kwenye kompyuta niachane na haya yote. Nianzeje mazungumzo? Na tukikubaliana, niandike nini nisije nikaulizwa kesho, na wenzake wasiseme nina upendeleo?

Msimamizi, Dodoma

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Barua ya onyo iache kwanza, na kumhamishia ndani nako kuache. Nianze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linaloonekana jema na ndilo nililolifanya mimi mwenyewe nikaharibu.

Nikiwa afisa utumishi kwenye kampuni moja ya usambazaji, tulikuwa na dada mwenye ualbino aliyekuwa akihesabu mizigo uwanjani. Tukamuonea huruma, tukamweka ofisini bila kumuuliza. Meza tuliyompa ilitazama dirisha, kwa hiyo kutwa nzima mwanga ulimpiga machoni kutoka nyuma ya kompyuta. Posho ya uwanjani ikakatika. Baada ya miezi mitatu kazi yake ilikuwa ya polepole kuliko mwanzo, kichwa kinamuuma kila jioni, na tukaanza kusema hafai hata ofisini. Meneja wake alikuwa amemruhusu kwa mdomo kwenda kliniki ya ngozi siku fulani kila baada ya miezi michache. Meneja yule akahamishwa. Aliyekuja akakuta siku za kutokuwepo kazini zisizo na maelezo, akampa onyo la utoro. Dada alipojitetea kwamba aliruhusiwa, hakuwa na karatasi, na sisi hatukuwa nayo. Akaacha kazi. Hadi leo naamini tungempata na kumbakiza kwa saa moja ya mazungumzo na ukurasa mmoja na nusu wa maandishi.

Sasa tuje kwako. Kabla hujamwita, zichukue zile hati saba uzitandaze mezani. Pembeni ya kila moja andika mzigo ulipokelewa saa ngapi, alisimama wapi, na namba ilichapwaje kwenye katoni. Nakisia utakuta nyingi ni zile namba za vidoti vya wino wa kijivu juu ya katoni ya kahawia, zilizosomwa uwanjani mchana. Kama ndivyo, umeshapata jambo la kuzungumzia, nalo ni hatua moja ya kazi katika mazingira fulani. Kisha zitafute hati za makarani wengine wawili za miezi hiyo hiyo, uzihakiki kwa ukali ule ule. Umeniambia yeye ana makosa saba. Hujaniambia alipokea mizigo mingapi, wala wenzake wamekosea mara ngapi. Mtu anayeonekana tofauti hukaguliwa zaidi, na anayekaguliwa zaidi hukutwa na makosa zaidi. Huenda ukakuta tofauti ni kubwa kweli, huenda isiwe. Vyovyote iwavyo, usiingie kwenye kikao bila kujua.

Ujue pia kinachotokea machoni, ili usije ukamshauri jambo lisilowezekana. Kwa mtu mwenye ualbino, sehemu ya katikati ya retina, ile tunayosomea vitu vidogo, haikukomaa kama ya wengine, na mboni mara nyingi huchezacheza zenyewe. Miwani husaidia kiasi lakini kwa kawaida hairudishi uoni kuwa kamili, kwa hiyo kumwambia "si uvae miwani tu" ni kumwambia jambo ambalo pengine alishalijaribu tangu shule. Kule kupinda shingo unakokuona wala si kutozingatia. Wengi wana pembe moja ambapo mboni hutulia, na shingo huipinda kuitafuta pembe hiyo. Mwanga mkali humfumba macho, hivyo jua la saa 6 linamnyima hata ule uoni alionao. Ngozi nayo ina hesabu yake tofauti: jua la leo hujilimbikiza juu ya la jana, na mwisho wake unaweza kuwa saratani. Kwa hiyo una mambo mawili ya kuzungumza naye, usomaji na jua. La pili ni la haraka zaidi hata kama makao makuu hawajaliulizia.

Mwite siku moja kabla, mkiwa wawili tu, umwambie kikao kinahusu nini. Mtu akiitwa ofisini ghafla baada ya mzigo kurudishwa, atakuja amejiandaa kufukuzwa, na mtu wa namna hiyo hazungumzi, anajitetea. Sema hivi: "Kesho saa 8 naomba tukae tuangalie kazi ya mapokezi inavyokwenda, hasa usomaji wa bechi. Si kikao cha nidhamu. Nataka tuone ghala libadilishe nini ili kazi iende vizuri. Ukitaka kuja na mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, njoo naye." Kama mna tawi la TUICO hapo ghalani, mwakilishi ni msaada kwenu wote wawili. Chumba kiwe na mlango unaofungwa. Mkalishe dirisha likiwa mgongoni kwake, na wewe ndiye uangaliane na mwanga.

Katika kikao usianze na neno macho, na usianze na ualbino. Anza na katoni. Ichukue moja kabisa, ile yenye chapa mbaya, iweke mezani pamoja na hati ya mapokezi, kisha muulize: "Lori likishafika, nionyeshe unavyofanya tangu mwanzo hadi hati inasainiwa. Ni hatua gani inakuchelewesha au kukuchosha zaidi?" Halafu nyamaza. Ukimya huo utakuwa mzito, na utatamani kuujaza kwa kumpa jibu. Usiujaze.

Jibu la kwanza huenda likawa "hakuna shida bosi." Usilichukulie kama uongo, wala usilikubali likaishia hapo. Huyu ni mtu ambaye pengine ameshaona kwamba ukikiri ugumu unaondolewa, na miaka miwili na nusu amekuwa akijibana ili asionekane. Mjibu kwa kutaja kazi: "Mimi mwenyewe chapa hii naisoma kwa shida. Kwenye hizi hati saba, nne ni za katoni za aina hii na zote zilisomwa nje mchana. Ukiisomea hapa ndani chini ya taa inakuwaje?" Hapo umempa njia ya kusema ukweli bila kujivua nguo. Akisema mwenyewe "bosi, kwa kweli juani sioni kitu," mshukuru, endelea na kazi. Usimuulize alizaliwaje, wala nyumbani wako wangapi hali yao hiyo. Usidai cheti cha daktari cha kuthibitisha ualbino. Cheti pekee kinachoweza kukufaa ni maelezo mafupi ya mtaalamu wa macho kuhusu ukubwa wa maandishi anayoyasoma, umbali, na kikuzio kinachomfaa. Hata hicho kiombwe kwa hiari yake, na gharama ya kukipata ibebwe na kampuni.

Kisha muulize swali la pili: "Kwingine ulikowahi kufanya kazi au kusoma, ni kitu gani kilikusaidia?" Mara nyingi jibu analo tayari. Huenda anatumia kamera ya simu kupiga picha na kuikuza, ila anajificha kwa sababu simu zimekatazwa ghalani. Nimeona hilo zaidi ya mara moja: kizuizi kilikuwa kanuni yetu wenyewe.

Jaribuni pale pale. Apige picha ya chapa, aikuze, asome. Asome chini ya taa ya mezani. Asome kwa kioo cha kukuzia. Andikeni ipi ilimpa namba sahihi na kwa muda gani. Kwenye kompyuta ya Windows, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kikuzio kinachoitwa `Magnifier` kitafunguka bila kununua chochote. Na kabla hujakimbilia kuomba skana ya msimbopau, fahamu kwamba msimbopau wa kawaida wa mistari ulio kwenye bidhaa za dukani unabeba namba ya bidhaa tu. Bechi na tarehe hazimo. Skana itamsaidia pale tu katoni inapokuwa na msimbo ambao msambazaji ameingiza bechi ndani yake. Nimeona fedha ikitumika kwenye skana, makosa yakabaki pale pale, na lawama ikamrudia karani kwamba "hata mashine tumemnunulia."

Kwa upande wa jua, ugumu wenu ni kwamba yeye anaifuata katoni. Igeuzeni, katoni imfuate yeye. Makuli wakishusha, paleti iingizwe hatua chache ndani ya mlango, kwenye kivuli kamili, na hapo pawe na meza na taa. Hesabu, picha na hati vifanyike hapo. Kwa malori ambayo lazima yakaguliwe nje, ombeni wasambazaji wanaowezekana wafike kabla ya saa 4 asubuhi, kwa sababu kati ya saa 4 na saa 10 jioni ndipo jua lina madhara makubwa kuliko wakati mwingine. Si wote watakubali. Wawili wakikubali mmeshapunguza mengi. Chepeo haitoshi, inaacha masikio na shingo. Apewe kofia ya ukingo mpana wa kuzunguka pande zote, na sare ya mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Mafuta ya kukinga jua yawe ya SPF 30 au zaidi, yapakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili akiwa nje. Hapa kwetu yapo yanayotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ualbino, Kilisun, kutoka kituo cha ngozi cha KCMC Moshi. Kampuni iyaweke kwenye orodha ya vifaa vya kinga pamoja na viatu na glavu, yatoke stoo kama vinavyotoka hivyo. Akilazimika kwenda kuyaomba kwako kila mwezi, ataacha kuyaomba. Na kivuli kisiwadanganye: sakafu nyeupe ya saruji na mabati hurudisha mwanga, na siku ya mawingu nayo ina jua lake.

Kila mnalolijaribu, muulize litamgharimu nini yeye. Kama mapokezi ya mchana yana posho ya ziada na ratiba mpya inamtoa mchana, umempunguzia mshahara kwa jina la kumsaidia. Kama hataki kuondolewa uwanjani kabisa, msikilize sababu zake. Na kama ataomba jambo usiloweza kulitoa, usimfiche. Mwambie huwezi, mwambie kwa nini, na muulize lipi lingine linakaribia hilo.

Usimalize siku hiyo hiyo. Mpe siku mbili tatu, kwa sababu yapo atakayoyakumbuka akiwa kitandani usiku. Wakati huo wewe andika rasimu, mpe aisome kwa maandishi makubwa, pointi 18 au ukubwa anaoutaka, arekebishe. Karatasi ya makubaliano asiyoweza kuisoma vizuri ni aibu kwetu.

Kuhusu maandishi yenyewe, kosa ninalolikuta sana ni hati inayoeleza ulemavu kwa aya nzima na marekebisho kwa mstari mmoja: "Menejimenti itampa ushirikiano." Ushirikiano haudaiki. Geuza: ualbino usihitaji kutajwa hata mara moja, marekebisho yatajwe kwa namba, tarehe na jina la cheo cha anayewajibika. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na faili la mtumishi hupita mikono mingi. Kama kuna cheti cha macho, kikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa afisa utumishi, na hati iseme tu kwamba kimeonwa.

Hii ni namna ambayo ningeiandika mimi. Ibadilishe kufuatana na mliyokubaliana, usiinakili ilivyo.

> Makubaliano ya marekebisho ya kazi
>
> Yamefanyika tarehe 10 Machi kati ya msimamizi wa ghala na karani wa mapokezi, baada ya vikao viwili, tarehe 3 na 6 Machi. Karani alielezwa kuwa anaweza kuja na mwakilishi. Alichagua kuja mwenyewe.
>
> Kazi inabaki ile ile: kuhesabu mzigo, kuandika bechi na tarehe ya kuisha muda, na kusaini hati ya mapokezi. Cheo, mshahara, posho na haki ya kupandishwa daraja havibadiliki.
>
> Ugumu uliobainika: kusoma chapa ndogo au hafifu kwenye mwanga mkali, na kukaa juani muda mrefu.
>
> Tumekubaliana kwamba paleti zitaingizwa ndani ya mlango wa pili kabla ya kukaguliwa. Msimamizi wa zamu atahakikisha, kuanzia tarehe 11 Machi. Meza na taa vitawekwa hapo na msimamizi wa ghala kabla ya tarehe 17 Machi. Karani atatumia simu ya ofisi kupiga picha ya kila chapa kabla ya kuandika. Picha zitatunzwa siku 90. Kofia ya ukingo mpana, sare mbili za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua vitatolewa na stoo bila malipo, mafuta kila mwezi na mengine yanapochakaa. Karani atapewa ruhusa ya nusu siku kwa kliniki ya ngozi, kwa kutoa taarifa siku tatu kabla, bila kukatwa mshahara.
>
> Karani aliomba asipangiwe kabisa kazi ya uwanjani. Haikuwezekana kwa siku ambazo karani mwingine yuko likizo. Badala yake, siku hizo hatakaa nje zaidi ya dakika 30 mfululizo kati ya saa 4 na saa 10.
>
> Kiwango cha usahihi ni kile kile cha makarani wote. Makosa ya kabla ya marekebisho haya kukamilika hayatatumika kwenye hatua ya nidhamu. Kifaa kikiharibika, karani atatoa taarifa siku hiyo hiyo, na mpaka kitengenezwe hati zake zitahakikiwa na karani wa pili.
>
> Wafanyakazi wengine wataambiwa maneno yaliyo katika kiambatisho, na si zaidi.
>
> Tutapitia makubaliano haya tarehe 14 Aprili, kisha kila baada ya miezi sita, au mapema mmoja wetu akiomba. Nakala: karani, msimamizi, afisa utumishi.

Kisha sahihi, majina na tarehe za pande zote mbili.

Nikueleze vifungu viwili ambavyo watu huvifuta. Cha kwanza ni kile cha ombi lililokataliwa. Wakubwa hupenda kukiondoa wakidhani kinaonyesha udhaifu. Mimi nakitaka kibaki, kwa sababu kinaonyesha kwamba mlilipima, mkatoa sababu, na mkatafuta mbadala. Kikiondolewa, miezi sita baadaye yeye atakumbuka aliomba na wewe hutakumbuka. Cha pili ni kile cha kutomtoza makosa ya nyuma. Kanuni zetu za utendaji bora kazini za 2007 zinamtaka mwajiri achunguze chanzo cha utendaji duni na ampe mtu mwongozo na nafasi ya kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha. Onyo linalotolewa kabla ya taa kuwekwa halina chanzo kilichochunguzwa, na likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi utaulizwa hilo kwanza.

Hilo ndilo uwaandikie makao makuu, kwa dokezo fupi. Waeleze kwamba umechunguza hati saba, umekuta chanzo, na marekebisho yanaanza tarehe fulani kwa gharama fulani. Waambie Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi. Usiandike kurasa tano. Ambatanisha bei za taa, meza, kofia na sare kutoka maduka mawili, waone wenyewe ukilinganisha na thamani ya ule mzigo mmoja uliorudishwa. Kama ratiba mpya inabadilisha saa zake za kazi zilizo kwenye maelezo ya ajira, sheria hiyo hiyo inataka maelezo hayo yarekebishwe kwa kushauriana naye na ajulishwe kwa maandishi. Makubaliano yenu yaende sambamba na marekebisho hayo, yasiwe karatasi ya pembeni inayopingana na mkataba.

Kuhusu wenzake: maneno ya kuwaambia ayachague yeye, muyaandike kwenye kiambatisho. Huenda akataka useme tu, "Kuanzia kesho paleti zote zinakaguliwa ndani ya mlango wa pili, na kila chapa inapigwa picha." Ukitazama vizuri, hiyo ni njia bora kwa makarani wote watatu, basi ifanye iwe ya wote. Taa ile ile itawasaidia wenzake saa 12 jioni. Kwa yale yanayobaki kuwa yake peke yake, kama mafuta au ruhusa ya kliniki, mtu akikuuliza mjibu: "Kila mtu ana mambo yake na ofisi, na yako pia siyatangazi." Ukisikia yeyote ghalani anamwita zeruzeru, hata kwa utani, hilo ni suala la nidhamu na usilipime kwa kucheka kwake. Wengi hucheka kwa sababu hawana la kufanya.

Tarehe 14 Aprili ikifika, kaeni kweli. Usimuulize "mambo yanaendaje?" kwa sababu utajibiwa "salama." Mleteeni hati za mwezi mzima, hesabuni makosa kabla na baada, yake na ya wenzake. Makosa yakiwa yamebaki, chunguza kwanza kama makubaliano yalitekelezwa. Mara nyingi utakuta taa iliungua wiki ya pili, au msimamizi wa zamu ya mchana hakuwahi kuingiza paleti ndani kwa sababu makuli walilalamika. Hapo kosa ni la ghala. Kama kila kitu kilifanyika na bado bechi zinakosewa, badilisheni njia: bechi ziandikwe na karani mwingine, naye achukue hesabu za katoni za wote, ambazo umesema hakosei. Mabadiliko hayo nayo yaandikwe chini ya karatasi ile ile, kwa mkono tu, tarehe na sahihi mbili.

Na siku utakapohamishwa tawi, nakala ya makubaliano iwe ndani ya hati ya makabidhiano. Ila mwambie kwanza yeye kwamba unaiweka, na muulize kama angependa awepo wewe na mrithi wako mkiisoma.